Kuwatenganisha Wenye Nguvu: Droo ya Tenisi na Makundi ya Mchujo wa Riadha

Kila ninapoombwa kusaidia kupanga mashindano, ombi la kwanza huwa kwamba walio bora wasikutane mapema. Ombi hilo ni la haki, ila tenisi na riadha hulitimiza kwa njia tofauti, na anayehamisha njia ya mchezo mmoja kwenda mwingine hujitafutia malalamiko.

Katika droo ya tenisi ya wachezaji 32, huwa wanane tu ndio wanaopewa namba za ubora. Namba 1 huwekwa mstari wa juu kabisa na namba 2 mstari wa 32, hivyo hawawezi kukutana kabla ya fainali. Namba 3 na 4 hupigiwa kura: mmoja huenda mstari wa 9 na mwingine wa 24. Kura hiyo isirukwe, kwa sababu bila hiyo namba 1 angejua daima kwamba mpinzani wake wa nusu fainali ni namba 4. Wanne waliobaki nao hupigiwa kura, kisha wasio na namba hujaza nafasi zilizosalia. Ulinzi huu una mpaka wake: mchezaji wa tisa kwa ubora hana namba, kwa hiyo anaweza kuangukia kwa namba 1 siku ya kwanza. Tangu Wimbledon ya 2001, mashindano makubwa ya wachezaji 128 hutoa namba 32 badala ya 16, na mpaka huo ukasogea mbele.

Riadha haina mpinzani mmoja mmoja. Kinachotafutwa ni makundi yenye uzito sawa. Tuchukue wakimbiaji 24 wa mita 100 katika makundi matatu, waliopangwa kwa muda wao bora wa karibuni. Ukiwagawa moja kwa moja, kundi la kwanza litapata wa 1, wa 4, wa 7 na kuendelea, na jumla ya nafasi zao itakuwa 92, ilhali kundi la tatu litafikisha 108; maana yake kundi la kwanza limebeba mzigo kila safu. Dawa yake ni kwenda na kurudi: 1, 2, 3 kuelekea kulia, kisha 4, 5, 6 kurudi kushoto, hadi mwisho. Kundi la kwanza litakuwa na 1, 6, 7, 12, 13, 18, 19 na 24, na jumla ya kila kundi itakuwa 100 kamili.

Wakimbiaji wa timu moja wakiangukia kundi moja, badilisha mmoja wao na mkimbiaji wa safu ileile, tuseme wa 7 kwa wa 8, wala si wa 7 kwa wa 11. Vilevile kagua tarehe za muda ulioletwa, maana muda wa misimu miwili iliyopita huharibu hesabu yote. Utaligundua hilo pale wa tatu wa kundi moja anapokimbia kasi kuliko mshindi wa kundi jingine, na hapo ndipo nafasi mbili za fainali zinazotolewa kwa muda, baada ya wawili wa kwanza wa kila kundi, zinapomwokoa aliyepangwa vibaya.