Methildopa inanisinzisha, nibadilishiwe?

"Mimba ya wiki 24, natumia methildopa, nasinzia kutwa. Labetaloli au nifedipini ni afadhali?"

Dada, zote tatu ni dawa za presha ya kupanda na hupewa wajawazito. Usingizi wa methildopa mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili, ila ukianza kujawa na huzuni, mwambie daktari akubadilishie. Labetaloli haisinzishi sana, lakini mwenye pumu haimfai, huweza kumbana kifua. Nifedipini huleta joto usoni, miguu kuvimba na kichwa kuuma. Hapo pana mtego, maana hata kifafa cha mimba hutanguliwa na kichwa kuuma. Kwa hiyo usiisingizie dawa kabla ya kupima presha. Ikifika 160/110, au kichwa kikigoma kupoa, au ukiona maluweluwe, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na usiache methildopa mwenyewe.