Namba za wateja wa korosho

"Nauza korosho za kubangua stendi, Mtwara. Nina namba kama 60, natuma brodikasti ya WhatsApp wanajibu watatu. Nakosea wapi?"

— Fungua grupu uwaingize wote, kazi imeisha.

— Grupu hapana, dada. Utakuwa umegawa namba za watu kwa wasiowajua. Brodikasti ni sawa, ila inamfikia aliyekusevu tu, na hapo ndipo ulipokwama. Shika daftari: jina, namba, alichonunua, tarehe, na safu ya "amekubali". Mtu akilipa muulize, "Nikutumie ujumbe mzigo ukiingia?" Akikubali, asevu namba yako palepale. Namba uliyoiona kwenye muamala wa malipo haikupi ruhusa.

Aliyechukua kilo nzima tarehe 3 mwandikie mwisho wa mwezi: "Shikamoo mama, ni mimi wa korosho stendi. Mzigo wa Newala umebanguliwa jana, nikuwekee kilo? Kama hutaki ujumbe, niambie niache." Akisema acha, mfute kwenye orodha siku hiyohiyo. Na kama ni korosho za msimu uliopita, sema hivyo. Mimi niliwahi kuandika "mpya", mteja wa Masasi akatafuna moja, akanitazama tu. Hajarudi hadi leo.

— Mie nauza pweza Kilwa, wateja wangu wengi wana simu za batani. Nifanyeje?

— Daftari ni lilelile, tuma meseji ya kawaida. Ila pweza hangoji mwisho wa mwezi, hapo sijui utapanga vipi.