Wimbo ukiimba, bado hujamaliza: kwa vijana mnaoanza kufunga redio za magari

Wadogo zangu, kuna jambo naliona kila siku pale tunapofungia redio na linaniumiza. Simu ya mteja inaiona redio, mnakubali namba kwenye skrini, mnapiga wimbo mmoja, spika zinatikisa milango, kisha mnasema, "Tayari bosi, imekubali." Bosi analipa na kuondoka. Baada ya muda anarudi analalamika kuwa ramani haiongei. Hapo mnaanza kufuta simu na kuiunganisha upya, mnafuta tena, mnaunganisha tena, na mwisho mnamwambia simu yake mbovu. Mnafanya kazi kwa bidii na nawapenda kwa hilo, lakini sitaki kuona mteja mwingine akienda kununua simu au redio kwa tatizo la kitufe kimoja.

1. Simu ikishaungana na redio, zinafunguka njia mbili za sauti. Ya kwanza ni ya kupigiana simu: sauti inakwenda na kurudi, ya mpigaji inatoka kwenye spika na ya dereva inaingia kwenye maiki. Ya pili ni ya muziki, nayo inatoka kwenye simu kwenda kwenye redio tu. Kwenye Android nyingi, ingia Settings, kisha Bluetooth, gusa alama ya gia pembeni ya jina la redio. Utakuta "Phone calls" na "Media audio", kila moja na swichi yake. Kwenye simu nyingine zimeandikwa "Calls" na "Audio". Ndiyo sababu mtu anapokea simu vizuri kabisa huku muziki umekataa. Angalia swichi hizo kabla hujafuta chochote. Na zile redio za zamani zilizokuja na magari kutoka Japani, baadhi yake zinataka usajili simu kwenye menyu ya simu, halafu uisajili tena kwenye menyu ya muziki. Ukifanya moja umefanya nusu.

2. Sauti ya ramani inapita njia ya muziki. Hapa ndipo wengi mnapotea, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Alikuja dereva mmoja wa teksi za mtandao, kijana aliyehamia Dar muda si mrefu, ana IST yenye redio ya skrini. Alikuwa anatoka Kimara na abiria wa Buguruni. Alipofika Ubungo alitakiwa aiache Morogoro Road, ashike barabara ya Mandela. Ramani ilikuwa kimya, naye macho yake yako kwenye daladala iliyokuwa inamchomekea. Akapita moja kwa moja, akashtukia yuko Manzese na abiria ananung'unika nyuma. Akaja kwetu: "Fundi, ramani imekuwa bubu tangu mlipofunga hii redio."

Mdogo wangu mmoja akaipokea kazi. Akafuta, akaunganisha, akapiga wimbo, ukaimba. Akamwambia iko sawa. Dereva akawasha gari, akarudisha redio kwenye FM asikilize mpira kama kawaida yake, akafungua ramani. Kimya.

Angalieni kilichotokea. Wimbo ulipokuwa unaimba, redio ilikuwa imechaguliwa upande wa Bluetooth. Aliporudi FM, simu haikujua hilo. Simu inachojua ni kwamba imeungana na redio, basi sauti ya ramani inaipeleka huko, na kwa kuwa imeipeleka huko, spika yake yenyewe inanyamaza. Redio nayo iko kwenye FM, kwa hiyo kinachokuja kwa njia ya muziki hakifiki kwenye spika. Sauti inapotelea katikati, na kila kifaa ukikipima peke yake ni kizima.

Simu ya kupigiwa haina shida hiyo. Inapoita, redio inapata taarifa kwamba kuna simu, inakata FM yenyewe, inamfungulia mpigaji, na mkimaliza inarudi kwenye mpira. Kwa Bluetooth ya kawaida, ramani haitoi taarifa ya namna hiyo. Kwa hiyo mteja akikuambia "simu zinaingia vizuri ila ramani haiongei," usiguse waya wala usifute kitu. Muulize kwanza: huwa unasikiliza nini unapoendesha?

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye Google Maps, ndani ya mipangilio ya Navigation, kuna "Play test sound". Weka redio kwenye FM, ibonyeze: kimya. Bonyeza SRC hadi ufike Bluetooth, ibonyeze tena: inasikika. Umeshajua ugonjwa.

Dawa inategemea mteja. Yule wa kusikiliza FM, mzimie "Play voice over Bluetooth" iliyo humo humo kwenye mipangilio. Ramani itaongea kwa spika ya simu yenyewe, na simu za kupigiwa zitaendelea kuingia kwenye gari. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia yule kijana. Simu yake tukaisogeza kwenye kishikio cha karibu na usukani ili aisikie juu ya kelele za mpira. Ila mteja anayecheza nyimbo kutoka kwenye simu, mwachie imewashwa: wimbo utajishusha wenyewe ramani ikitaka kusema. Msizime "Media audio" kwa ajili ya ramani, mtamwondolea na muziki.

Mwingine atakuambia ramani inaongea lakini inameza neno la kwanza. Hiyo inatokea pasipo na wimbo: njia ya muziki inalala, na mpaka redio iamke, mwanzo wa sentensi umeshapita. Wimbo ukiwa unaimba kwa chini, njia haipati nafasi ya kulala. Na kama sauti ni ndogo, ipandishe wakati ramani inaongea, kwa sababu ukibonyeza kitufe ramani ikiwa kimya unaweza kuwa unapandisha mlio wa simu tu.

3. Ukilazimika kufuta, futa pande zote mbili, kwenye simu na kwenye redio. Ukifuta upande mmoja, mwingine unabaki na ufunguo wa zamani na zinaweza kukataana.

4. Dereva mwenye simu mbili, muulize ipi ni ya kazi. Redio inaweza kuungana na ile iliyo mfukoni, ukabaki unahangaika na hii iliyo kwenye kishikio.

5. Kabla hujamkabidhi mteja funguo, piga simu ya kweli, injini inawaka na AC iko juu, umuulize wa upande wa pili anakusikiaje. Maiki ya waya ikae juu, karibu na kizuia jua. Mnaiweka jirani na tundu la AC, halafu mnashangaa mpigaji anasikia upepo.

6. Mteja akirudi akisema redio inaisahau simu yake kila akizima gari, tazama saa ya redio kwanza. Kama saa nayo imerudi mwanzo na stesheni za FM zimefutika, sababu ni umeme. Waya wa njano unatakiwa upate umeme wa betri muda wote, mwekundu ndio wa ACC. Mkiunga yote miwili kwenye ACC, redio nyingi zinapoteza kumbukumbu kila ufunguo unapotolewa. Pima wa njano kwa tasta ukiwa umetoa ufunguo. Kama tasta haiwaki, fungua dashibodi uunge upya, na usimtoze mteja.