Imepakiwa au imepakuliwa? Jinsi ya kutaja video katika marejeo

*Swali: Naandika tasnifu kwa Kiswahili na nimenukuu mhadhara ulioko YouTube. Niliandika "video imepakuliwa na Darasa la Sarufi, saa 14:32". Msimamizi wangu amepiga mstari chini ya maneno yote mawili, "imepakuliwa" na "saa". Nimekosea wapi? Na ndani ya yale mabano ya mraba niandike nini?*

Msimamizi wako ana haki kwa yote mawili. Tuanze na kitenzi. Kupakia ni kuweka mzigo chomboni, na kupakua ni kuuteremsha. Vivyo hivyo mtandaoni: mwenye chaneli hupakia video ili wengine waione, nawe huipakua ukitaka kuihifadhi kwenye simu yako. Kwa hiyo sentensi yako inasema kwamba Darasa la Sarufi waliishusha video ya mtu mwingine, jambo ambalo hukulikusudia. Andika "imepakiwa na". Jihadhari pia na "imepakwa", ambayo naiona mara kwa mara katika kazi za wanafunzi. Hiyo inatokana na kupaka, kama mtu anavyopaka rangi ukutani, na herufi moja iliyodondoka imezaa neno jingine kabisa.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu katika mtindo wa APA, toleo la saba, aliyepakia video ndiye anayekaa mahali pa mwandishi, hata kama anayezungumza ndani yake ni mwingine. Sababu yake ni ya kimatumizi: msomaji wako ataitafuta video kwa jina la chaneli. Jina la mhadhiri lisipotee, lakini mahali pake ni ndani ya sentensi yako. Tuchukue chaneli hiyo kama mfano tu, tuseme ilipakia video tarehe 4 Mei 2023. Marejeo yatakuwa hivi:

```
Darasa la Sarufi. (2023, Mei 4). Ngeli za nomino: Somo la
kwanza [Video]. YouTube. https://www.youtube.com/watch?v=...
```

Kichwa cha video huandikwa kwa herufi za mlazo, lakini [Video] hubaki wima, kwa kuwa si sehemu ya kichwa. Ni maelezo yako wewe ya kumwambia msomaji atakutana na kitu cha namna gani. Ndiyo maana lebo hiyo hukaa baada ya kichwa na kabla ya nukta, wala si baada yake. Usiandike [Video ya YouTube], maana jina la jukwaa linafuata papo hapo. Na kwa kuwa lebo ni maneno yako, iandike kwa lugha ya kazi yako. Kichwa kikiwa cha lugha nyingine, kiache kilivyo, weka tafsiri yake ndani ya mabano ya mraba, kisha lebo katika mabano yake yenyewe.

Tarehe huwapotosha wengi. Chini ya video utaona "miaka 2 iliyopita", na hiyo haifai kunukuliwa kwa sababu mwakani itasema mitatu. Fungua maelezo ya video, tarehe kamili imo humo. Andika mwezi kwa jina, kwani 4/5/2023 mmoja ataisoma Mei 4 na mwingine Aprili 5. Kama mhadhara ulitolewa miaka mingi kabla ya kupakiwa, marejeo hubeba tarehe ya kupakiwa, nawe utaje mwaka wa mhadhara katika sentensi. Kwenye kiungo, futa vipande vya ziada kama `&si=` na vyote vilivyobandikwa nyuma yake. Sehemu inayoanza na `v=` inatosha.

Sasa tuje kwenye "saa", ambapo Kiswahili kina mtego wake chenyewe. Ukiandika "saa 2:15", msomaji wetu atasoma saa mbili na robo, asubuhi au usiku, kwa sababu neno saa likitangulia tarakimu hutaja wakati wa siku. Yako imekuwa ngumu zaidi, maana "saa 14:32" inasomeka kama saa nane na dakika thelathini na mbili mchana, kana kwamba ndipo video ilipopakiwa. Ndani ya mabano acha tarakimu pekee, na utaje pale maneno unayonukuu yanapoanzia:

```
(Darasa la Sarufi, 2023, 14:32)
```

Video ikizidi saa moja, ongeza tarakimu ya saa mbele: 1:04:20.

Ukitaka kuieleza kwa maneno, usikimbilie "dakika ya 14". Wasikilize watangazaji wa mpira: bao la dakika ya 1 ni lile lililofungwa kabla ya dakika moja kutimia. Kwa hesabu hiyo, dakika ya 14 huanza kwenye 13:00 na kuishia 13:59, na nukuu yako ya 14:32 imo katika dakika ya 15. Mimi hupendekeza useme "baada ya dakika 14 na sekunde 32", kwa kuwa hapo unahesabu muda uliokwisha kupita, kama kioo kinavyoonyesha. Ukitaka kuhakikisha, geuza muda huo kuwa sekunde (14 mara 60, jumlisha 32, unapata 872), kisha ongeza `&t=872s` mwishoni mwa kiungo. Video ifunguke palepale. Ukimaliza kuhakiki, kiondoe kipande hicho katika orodha ya marejeo.

Kwa podikasti, tatizo la kwanza ni la msamiati. Neno "kipindi" hutumika kwa mfululizo mzima na pia kwa matangazo ya siku moja, hivyo lebo ya [Kipindi cha podikasti] haielezi unanukuu kipi. Nashauri useme "podikasti" kwa mfululizo mzima na "sehemu" kwa kimojawapo: [Sehemu ya podikasti]. Mahali pa mwandishi anakaa mwendeshaji, na baada ya jina lake unaandika (Mwendeshaji) katika mabano ya mviringo. Mgeni anayehojiwa utamtaja katika sentensi. Tahadhari moja tu: baadhi ya podikasti huingizwa matangazo ya biashara msikilizaji anapoifungua, na urefu wake hutofautiana. Maneno uliyoyasikia kwenye 21:10 mwenzako anaweza kuyasikia kwenye 22:05. Hapo nukuu maneno yenyewe kwa ukamilifu, ili aliyeyakosa kwenye muda uliotaja ayatambue akiyafikia.

Machapisho ya mitandao ya kijamii hayana kichwa, kwa hiyo maneno 20 ya mwanzo ndiyo kichwa, nayo huandikwa kwa mlazo.

```
Darasa la Sarufi [@darasalasarufi]. (2023, Juni 11). Neno
hili lina wingi wake [Chapisho]. X. https://x.com/...
```

Mabano ya mraba yametokea mara mbili kwa kazi mbili: ya kwanza yanabeba jina la akaunti, ya pili lebo. Emoji moja huhesabiwa kama neno moja, na alama ya reli pamoja na neno lake pia ni moja. Usisahihishe tahajia ya mwenye chapisho. Akiandika "ntakuja", acha "ntakuja", kwani msomaji atakayelitafuta chapisho hilo kwa maneno yake hatalipata akiandika "nitakuja".