Mkeka na hela ya nyumbani: barua kwa mwanangu aliye Maskati

"Baba, kila mwezi natuma laki tatu, na laki moja ndani yake mdogo wangu ananiwekea mkeka wa ligi yetu. Mpira wa nyumbani naujua tangu utotoni. Nikishinda, nyumba inaisha haraka. Kuna ubaya gani?"

Mwanangu mpendwa,

Mpira unaujua, sina shaka. Lakini kwamba Simba au Yanga atamfunga mgeni wa ligi, kampuni nayo inajua, na imeshaliweka hilo ndani ya odi. Chukua timu ambayo katika mechi 10 itashinda 8. Odi ya haki ni 1.25, wao wanakupa 1.20. Kwa mechi moja huoni kitu. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo, mkeka wote unapita mara moja tu kati ya tatu, na ukipita, 25,000 yako inarudi kama 62,000. Kwa hiyo wikiendi tatu umetoa 75,000, umepokea 62,000. Kadiri unavyoongeza mechi ndivyo makato yao yanavyozidishana, na wewe macho yako yako kwenye odi kubwa tu.

Hilo bado ni dogo kuliko lililonitoa usingizi. Kubeti huko Omani kumekatazwa kisheria, ndiyo maana unapitia laini ya mdogo wako. Na hela ya ada inaingia kwenye laini hiyohiyo. Juzi aliniletea simu mwenyewe, analia. Ijumaa ada ilikuwa imeingia, laki mbili. Jumamosi mchana mkeka wako ukachanika, jioni akachomoa 40,000 ya ada akaweka wake. Usiku 60,000 nyingine, ili airudishe yote kabla shule hazijafunguliwa Jumatatu. Si mwizi yule, alitaka kuziba pengo. Ukisikia anakuomba "niongezee kidogo, makato yamekuwa makubwa," jua pengo lipo.

Basi tutenganishe njia. Siku ya mshahara, kabla hujanunua hata vocha, ada iende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, ya chakula iende kwenye laini ya mama yako, inayofunguliwa kwa namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Ya ujenzi usimpe mtu taslimu: lipia moja kwa moja duka la vifaa vya ujenzi, mimi nitapokea mzigo na kukupigia picha ya risiti. Akaunti ya kubeti iliyo kwenye laini ya mdogo wako ifungwe. Ameshakubali, anasubiri neno lako, maana wewe ni kaka yake na ulimwanzisha wewe.

Namba ya akaunti ya shule nimekutumia kwa ujumbe. Lile pengo la 100,000 nimeliziba kwa hela ya mbuzi. Bati zimefika 20, bado 12. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako