Tebo iko BCNF lakini data inajirudia

"Tebo yangu ya waongoza watalii (mwongozaji, lugha, mbuga) iko BCNF, mbona bado inajirudia?"

BCNF inaangalia kolamu moja au zaidi kuamua thamani moja ya nyingine, na kwako hakuna hiyo, kii ni kolamu zote tatu ndo maana imepita. Shida ni kwamba mwongozaji anaamua seti ya lugha na seti ya mbuga, kila moja kivyake:

```
mwongozaji ->> lugha
mwongozaji ->> mbuga
```

Juma mwenye lugha 3 na mbuga 4 anakula mistari 12, akijifunza Kijerumani unaongeza 4, ukisahau mmoja tebo inadanganya. 4NF, hatua inayofuata baada ya BCNF, inataka uigawe (mwongozaji, lugha) na (mwongozaji, mbuga), ile mistari 12 inabaki 7. Ila kama Kifaransa anakitumia Serengeti tu, usigawe, utapoteza taarifa hiyo.