Ukiuliza watu 40 usiandike "65%" ukaishia hapo

Mwaka juzi saccos yetu ilitaka kupandisha akiba ya lazima ya kila mwezi kutoka sh. 20,000 hadi 30,000, bodi wakaniambia wewe unapenda mahesabu hebu tuulizie wanachama kwanza. Tuko 2,400. Nikakaa siku tatu pale dirishani watu wanapokuja kuweka hela, nikauliza 40, na 26 wakasema ndiyo. Nikaandika kwenye ripoti "asilimia 65 ya wanachama wanakubali", bodi wakafurahi, ikabaki kidogo tu jambo lipelekwe mkutano mkuu kama limeshapita.

Mama mmoja wa kamati ya mikopo ndo akaniuliza, mwanangu, hao 40 wangekuwa 40 wengine si ungepata namba nyingine? Nikakosa jibu. Jioni nikakaa nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu mwanzo:

```
p = 26/40 = 0.65
kosa = 1.96 * sqrt(0.65 * 0.35 / 40) = 0.148
```

Yaani 65% yangu inaweza kupanda au kushuka karibu 15. Ukweli unaweza kuwa popote kwenye eneo la 50% hadi 80%. Hiyo 1.96 ndiyo inayobeba uhakika wa 95%, maana yake ukirudia zoezi zima mara 100, kila mara na watu wapya wa kubahatisha, kama mara 95 hivi eneo utakalolipata litakuwa limeukamata ukweli na mara 5 litaukosa. Kwa uamuzi unaotaka zaidi ya nusu, eneo linaloanzia 50 halikuambii kitu.

Ukitaka kukadiria haraka bila kikokotoo, gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya uliowauliza. Watu 100 wanakupa kosa la kama 10 kila upande, watu 400 kama 5, watu 1,600 ni 2.5. Hapo ndo watu wengi wanaumia, ukitaka kosa lipungue nusu unahitaji watu mara nne sio mara mbili, na kila mtu ni vocha na muda wa kumpigia. Mimi nilisimama kwenye 400, kwa swali letu 5 ilitosha kabisa.

Mwenyekiti akasema basi tuchukue asilimia 10 ya wanachama, ndo kawaida. Hiyo kawaida naipinga kila mahali. Kosa linafuata idadi ya uliowauliza, ukubwa wa kundi zima unaligusa kidogo sana. Watu 400 wa nchi nzima wanakupa karibu uhakika uleule wa watu 400 wa mkoa mmoja. Kundi likiwa dogo kama letu ndo unapata nafuu kidogo, 400 kati ya 2,400 inashusha kosa kutoka 4.9 hadi kama 4.4, sio zaidi ya hapo.

Safari hii sikukaa dirishani. Nilichukua daftari la wanachama, nikampa kila mtu namba, nikaacha Excel ichague kwa `=RANDBETWEEN(1,2400)`, namba ikijirudia naitupa nachukua nyingine, mpaka nikafika 450. Tukapiga simu wiki mbili, asiyepokea mchana tunampigia usiku na tena Jumapili, kwa sababu ukimrukia asiyepokea ukamchukua anayefuata unajaza orodha na watu wenye nafasi tu. Tukawapata 400. Waliosema ndiyo ni 172.

Hiyo ni 43%, yaani kati ya 39 na 47. Sasa iweke pembeni ya ile ya kwanza, 50 hadi 80. Hazigusani kabisa! Kama shida ya mwanzo ingekuwa uchache wa watu peke yake, mara nyingi maeneo haya mawili yangepandana. Shida ilikuwa dirishani, anayekuja kuweka hela ni mtu ambaye hela anayo, aliyekwama hukutani naye pale. Na ningeuliza 1,000 palepale ningeweza kupata 65% ileile yenye kosa dogo, ningekuwa na uhakika zaidi wa jibu baya, maana ile fomula inajua bahati tu, haijui umesimama wapi.

Kilichobaki kunisumbua ni wale 50 tuliowakosa. Nikawahesabu wote kama wamesema ndiyo: 222 kati ya 450, 49%. Kwa hali hiyo mbaya kabisa nisingeweza kuapa kwamba wanaokubali ni chini ya nusu, kwa hiyo kwenye ripoti nikaandika namba zote, 400 tuliowapata, 50 tuliowakosa, 43%, na kosa la 4 na kitu kila upande. Bodi wakaiacha 20,000 ilivyo.